Ganzi ya Moyo kwa Waliouguza Muda Mrefu

Mhadhara kwa wanaowauguza ndugu zao nyumbani

Ndugu zangu, habari za mchana. Karibuni, na wale mliosimama nyuma sogeeni, viti vya mbele vipo.

Nitaanza na jambo linalowatatiza wengi, kwamba ganzi ya moyo, yaani kutosikia raha wala hamu ya kitu, mara nyingi huja mzigo ukishatuliwa. Chukueni mfano wa mwalimu wa sekondari aliyemuuguza baba yake aliyepigwa na kiharusi. Kwa miaka miwili aliamka usiku kumgeuza mzee ili asipate vidonda, alfajiri akamwogesha, akaenda kufundisha, jioni akampeleka mazoezi ya viungo, na mwisho wa mwezi akakatwa mkopo aliochukua kwa ajili ya matibabu. Sasa mzee anatembea na mkongojo na mkopo umekwisha. Ndugu wanamwambia, "Haya, pumua sasa." Naye anashangaa kuona hana la kupumulia. Kwaya aliyoimba tangu ujana haimwiti tena. Bustani yake ya mchicha imejaa magugu, naye anaipita kama ya jirani. Mtoto akija na matokeo mazuri ya mtihani, mdomo unasema "hongera mwanangu" huku ndani kumetulia tuli. Halii, wala hana huzuni anayoweza kuitaja. Anasema tu, "Sisikii kitu."

Muda wote wa dharura mwili wake ulikuwa umewekwa macho. Homoni za msongo, mojawapo ikiwa kotisoli, zilimsaidia kuamka na kubeba, lakini hali hiyo imeumbwa kwa ajili ya hatari za muda mfupi. Ikiendelea miezi na miaka, ubongo hupunguza mwitikio wake kwa vitu vizuri. Hili limeonekana hata kwa wanyama. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamewaweka panya kwenye usumbufu mdogo mdogo usiotabirika kwa wiki kadhaa: leo malazi yameloweshwa, kesho kizimba kimeinamishwa, keshokutwa taa imewashwa usiku kucha. Panya hao hupunguza kunywa maji ya sukari ambayo mwanzoni waliyapenda. Nawaeleza hili kwa sababu mtu mwenye ganzi huambiwa hana shukrani, naye huanza kuamini hivyo. Panya hana deni la shukrani kwa mtu, na bado raha yake hupungua.

Sasa tuingie kwenye kiini. Ndani ya raha mna mambo mawili yanayofanya kazi tofauti. Lipo la kutaka, yaani ile hamu inayokuinua kwenye kiti ukakifuate kitu. Na lipo la kufurahia kitu chenyewe kikishafika. Mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mambo hayo yana njia zake tofauti kwenye ubongo, na kwamba dopamini, kemikali ambayo watu huiita ya furaha, inahusika zaidi na kutaka kuliko kufurahia. Kwa wengi wenye ganzi, hamu ndiyo inayoumia zaidi. Uwezo wa kufurahia huwa umepungua, ila haujakauka wote.

Matokeo yake ni haya: mwalimu wetu akijiuliza saa kumi jioni, "Je, ninataka kwenda mazoezi ya kwaya?" jibu litakuwa hapana, kila siku. Ameiuliza ile sehemu iliyoharibika. Anakaa nyumbani akisubiri hamu irudi, na kwa kuwa hafanyi kitu, ubongo haupati chochote cha kuifufua. Ndiyo maana matibabu tunayoyategemea huanza na tendo, hamu ikafuata nyuma. Mwaka 2016 Uingereza ulichapishwa utafiti wa watu 440 wenye sonona. Waliopangiwa shughuli kwa utaratibu huu, na watoa huduma wasio wanasaikolojia waliofundishwa kazi hiyo, walipata nafuu isiyopungua ya wale waliopata tiba ndefu ya mazungumzo kwa wataalamu. Hatua hiyo hiyo imo kwenye mpango wa Shirika la Afya Duniani wa vikao vitano, ambao ulijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, ukiendeshwa na wahudumu wa kawaida wa jamii.

Utaratibu huu wa kuanza na tendo unafanyikaje? Nunua daftari. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu chochote, andika tu. Kila baada ya saa mbili hivi, andika ulichokuwa unafanya, kisha weka namba mbili kati ya 0 na 10: ya kwanza ni raha uliyopata, ya pili ni kiasi unachoona umefanya jambo la maana. Msiiruke wiki hii. Mwenye ganzi akiulizwa jumla atasema siku nzima ni sifuri, na daftari karibu kila mara humkanusha.

Tuseme mwalimu ameandika. Tunakuta jioni nzima, saa 2 hadi saa 5 usiku, yuko kwenye simu akipitisha video, raha 1, maana 0. Kufundisha kumepata raha 1, maana 4. Na Jumamosi, alipomwagilia mchicha kwa sababu tu mtoto aliacha ndoo njiani, ameandika raha 3. Hapo tumepata pa kuanzia, na nafikiri mwenyewe asingepataja hata angeulizwa mara kumi.

Wiki ya pili anachagua vitu vitatu tu, vidogo kiasi kwamba anaweza kuvifanya hata siku mbaya kabisa. Bustani: tuta moja, dakika 10, saa 12:30 asubuhi kabla ya kuoga, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwaya: Alhamisi aende akakae mwisho wa benchi kwa nusu saa, bila kuimba, na amwambie mwalimu wa kwaya mapema kwamba ataondoka kabla ya mwisho. Cha tatu: ampigie dada yake simu Jumapili baada ya chakula, dakika tano. Siku na saa ziandikwe, kwa sababu ukiandika "wiki hii nitalima" utakuwa umeirudishia hamu uamuzi.

Na kuna safu moja zaidi ya kuongeza. Kabla ya kila shughuli aandike raha anayoitarajia, na baadaye aliyoipata. Mwalimu anaitabiria kwaya 0, anarudi anaandika 2. Bustani anaitabiria 1, anapata 3. Namba hizo ni ndogo, na katika wiki mbili tatu za mwanzo msitegemee kubwa zaidi. Tunachokitafuta ni ile tofauti. Ikijirudia, anaona kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba utabiri wake umekuwa ukimdanganya, na hilo ndilo linalomtoa nyumbani Alhamisi inayofuata. Kisha anaongeza kidogo: bustani dakika 20, kwaya aimbe wimbo mmoja. Ikitokea wiki ameshindwa mara mbili kitu kile kile, akipunguze nusu badala ya kukiacha.

Mambo yanayoharibu kazi hii nimeyaona yakijirudia, na la kwanza ni kuanza na kitu kilichopendwa kuliko vyote. Mwalimu akijitosa kwenye mkesha wa kwaya wa usiku kucha, akaimba bila kusikia kitu, atarudi na ushahidi kwamba moyo umekufa. Kitu kikubwa tukiache cha mwisho. La pili ni kujipima katikati ya shughuli. Ukilima huku unajiuliza "nafurahia sasa?" akili yako iko kwenye swali, haiko kwenye udongo. Pima ukimaliza. Wakati wa kufanya, peleka umakini kwenye kitu kinachoshikika: harufu ya majani yaliyolowa, sauti ya pili inavyoingia chini ya ya kwanza.

La tatu ni vitu vikali. Mtu asiyesikia kitu hutafuta kinachopiga kwa nguvu, kama pombe, kubeti, au video hadi usiku wa manane. Navielewa vinavyovutia, kwa kuwa kwa dakika chache kweli anasikia. Lakini pombe hukatakata usingizi, kubeti huleta deni jipya, na karibu na kishindo chao raha ya mchicha haionekani kabisa.

Kuna na hali ya wale ambao mgonjwa wao bado yuko kitandani. Kwenu ninyi ratiba ya shughuli bila zamu haitasimama. Kabla ya bustani na kwaya, kaeni kikao cha familia, mtaje saa maalumu ambazo mtu mwingine atashika: kwa mfano Jumamosi saa 3 asubuhi hadi saa 7, kila wiki, na jina la atakayeshika liandikwe. Ukisema tu "nisaidieni," utapewa pole. Ukisema "kaka, Jumamosi saa 3," utapata jibu la ndiyo au hapana, na la hapana nalo linakuonyesha umwombe nani mwingine.

Mjue pia kwamba ganzi inapoanza kuachia, kwa wengi furaha haitangulii. Huja hasira ya ghafla, au machozi kwenye daladala bila sababu. Familia huogopa wakidhani amezidiwa. Kama anaendelea kulala, kula na kufanya shughuli zake, mwacheni alie, na aandike kwenye daftari kama kawaida.

Lini uende hospitali? Ukikosa hamu au raha karibu kila siku kwa wiki mbili, na kazi au nyumba zikaanza kulegalega, nenda. Watakuuliza maswali ya dodoso liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3. Swali la kwanza kabisa linahusu hamu na raha. Jumla ikifika 10 inahitaji uchunguzi wa kina. Omba pia wakupime wingi wa damu na homoni za thairoidi, kwa sababu upungufu wa hivyo huleta uchovu na ubaridi unaofanana sana na huu, na daftari peke yake haliponyi thairoidi.

Kama unatumia dawa za sonona, kama vile fluoksetini, nazo kwa baadhi ya watu hupunguza hisia zote, nzuri na mbaya. Dalili ni kwamba huzuni ilipungua baada ya kuanza dawa, ndipo ganzi ikaja. Usiziache ghafla. Mweleze daktari kwa maneno hayo hayo, kwa kuwa kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa.

Swali la 9 la dodoso linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo hatuangalii jumla. Alama yoyote juu ya sifuri inatosha mtu azungumze na mhudumu siku hiyo hiyo. Na wewe unayemwangalia nduguyo, usisubiri umwone analia, maana mwenye ganzi anaweza kulitamka jambo hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya unga. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu ya shambani alipo, na mwende pamoja kituo cha afya.

Daftari za mfano zipo pale mezani zikiwa zimepigwa mistari ya safu tayari. Chukueni, kisha tuingie kwenye maswali.