Hukumu ya Muruatetu: Maoni Yenye Hoja Huandikwaje?

WAKILI: Mwalimu, nimesoma maoni ya mwanafunzi mmoja kuhusu kesi ya Muruatetu. Kurasa tano zilisimulia yaliyotokea mahakamani, na katika aya ya mwisho akaandika kwamba Mahakama ya Juu ya Kenya ilitenda haki.

MWALIMU: Huo ni muhtasari uliotiwa mkia, kwa sababu sentensi ile haimpi mtu chochote cha kubishania. Angeandika hivi: "Maelekezo ya mwaka 2021 yanapingana na sababu ambazo mahakama hiyohiyo ilizitoa mwaka 2017." Hapo hata jaji aliyeketi angekuwa na la kujibu.

WAKILI: Tuwakumbushe wasikilizaji. Desemba 2017 mahakama ilitamka kwamba kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilikiuka Katiba kwa kulazimisha adhabu ya kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, ingawa adhabu yenyewe haikufutwa. Mahakama za chini zikaitumia hukumu hiyo hata kwa wizi wa mabavu, mpaka Julai 2021 Mahakama ya Juu ilipotoa maelekezo kwamba hukumu hiyo ilihusu mauaji peke yake.

MWALIMU: Sentensi mbili, nazo zinatosha. Sasa mwandishi aende kwenye sababu za uamuzi. Mwaka 2017 majaji walisema kwamba mshtakiwa asiporuhusiwa kueleza hali yake kabla ya kupewa adhabu, ananyimwa haki ya kusikilizwa kwa usawa, ambayo Ibara ya 25 ya Katiba hairuhusu ipunguzwe. Toa neno "mauaji" katika hoja hiyo, uweke "wizi wa mabavu", ambao kifungu cha 296(2) nacho kinauadhibu kwa kifo. Je, kuna kiungo kinachovunjika?

WAKILI: Sikioni. Lakini ningekuwa upande wa pili ningesema kwamba mahakama huamua shauri lililo mbele yake, na kifungu cha 296(2) hakikuwamo. Anayekipinga afungue kesi yake, ipande ngazi kwa ngazi.

MWALIMU: Hilo ndilo pingamizi zito, na mwandishi alieleze likiwa na nguvu zake zote. Kisha ajibu kwamba pingamizi hilo linaihusu amri, ilhali Ibara ya 163(7) inazifunga mahakama nyingine kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu, na uamuzi hubeba sababu zake hata kwenye shauri lenye shtaka tofauti.

WAKILI: Basi itabidi apunguze dai lake. Asiseme kwamba mahakama ilikosea kutaka vifungu vingine vifunguliwe kesi. Aseme ilikosea kuvitenga bila kuonyesha tofauti yoyote inayozigusa sababu za 2017.

MWALIMU: Na aliweke dai hilo katika aya ya kwanza. Namna mauaji yalivyotokea haina kazi hapo, lakini amri ya 2017 aiinukuu neno kwa neno, maana inakitaja kifungu cha 204 peke yake, na hicho ndicho msomaji anayempinga atakachokishika kwanza.