Gesi Ikishamwagwa, Mlango Usifunguliwe

Ndugu zangu wa zimamoto, nitalirudia hili hata mkinichoka. Mkifika gatini kwenye meli inayoungua na chifu injinia wake akawaambia gesi ya kuzimia moto, kaboni dayoksaidi, imeshamwagwa ndani ya chumba kinachowaka, msifungue mlango wa chumba hicho.

Najua mlivyofundishwa: ingia, utafute moto ulipo, uupige maji. Nyumba inaruhusu hayo. Meli ni chuma pande zote. Chumba kimoja kikiwaka, ukuta hupata moto hadi vitu vya upande wa pili vikashika. Na maji yenu hayaendi mtaroni, yanabaki tumboni mwa meli yakihama ubavu huu na huu. Meli ya Normandie iliungua New York mwaka 1942, ikamwagiwa maji hadi ikalala ubavu.

Sasa tupige hesabu. Chukua chumba cha injini chenye mita za ujazo 1,000. Kanuni inataka kaboni dayoksaidi ijaze asilimia 40, yaani mita 400. Kilo moja hutoa mita 0.56 za gesi, kwa hiyo tunahitaji kilo 715 hivi: mitungi 16 ya kilo 45. Sehemu kubwa yake, asilimia 85, iwe imeingia ndani ya dakika mbili. Baada ya hapo huna mitungi mingine. Ndiyo maana kabla ya kuvuta mpini wa kuachia gesi mabaharia wote wanahesabiwa, maana gesi hiyo inaua. Feni zinazimwa, mafuta yanakatwa, matundu yote ya hewa yanafungwa.

Mtu ataniuliza: kama moto umezimwa, tunangoja nini? Gesi haipoozi chuma. Inapunguza oksijeni tu. Bomba la moshi la injini bado lina moto, mafuta yaliyomwagika bado yanafuka mvuke. Ukifungua, gesi inatoka, hewa inaingia, moto unarudi, na mitungi ni mitupu. Pimeni joto la kuta kwa nje na mwandike saa na kipimo. Likishuka bila kurudi juu kwa saa nyingi, gesi inafanya kazi. Likipanda, kuna mahali inavuja.

Julai 2023, bandari ya Newark, Marekani, gari liliwaka ndani ya Grande Costa d'Avorio, meli ya kubeba magari. Mabaharia walimwaga gesi, lakini mlango mmoja mkubwa ulibaki wazi, kwa sababu swichi za kuufunga zilikuwa ndani, kwenye sitaha yenyewe ya magari. Kisha zimamoto wa mji, ambao hawakuwa na mafunzo ya moto wa melini, wakaingia. Wawili walikufa. Wawili! Nani aliyeiweka swichi ndani?

Muda unaniishia, la maji nitalisema kwa ufupi. Poozeni kuta kwa nje, kwa manyunyu. Na kabla ya kupanda, ulizieni ramani ya zimamoto ya meli. Nakala yake huwekwa nje ya makazi ya mabaharia, kwenye kasha jekundu lisiloingiza maji.