Maziwa ya ng'ombe wa yatima: mlezi ana haki ya kiasi gani?

Mhadhara uliotolewa Kondoa, mkoani Dodoma, baada ya sala ya Alasiri

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, kina mama, na ndugu zangu mliotoka Chemba na vijiji vya jirani, nimeombwa nizungumzie mali ya yatima, na mlango huu ni mpana. Nimeona nishike swali moja ambalo huulizwa mara nyingi katika nyumba za wafugaji, nalo ni hili: mtu aliyeachiwa ng'ombe wa watoto wa marehemu ndugu yake, anayewachunga jua na mvua, anaruhusiwa kupata nini kutoka katika ng'ombe hao?

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Yatima, katika sheria yetu, ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Aliyefiwa na mama huku baba yupo tunamwonea huruma kwa haki kabisa, lakini mali yake ina msimamizi wake wa asili, ambaye ni baba. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu hapa, usimamizi wa mali ya mtoto huanzia kwa baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeteuliwa nao, kisha kadhi au yule aliyewekwa na kadhi. Baba mdogo hayumo katika orodha hiyo kwa udugu wake peke yake. Anaweza kuwa walii wa kumwozesha binti wa ndugu yake, lakini kushika ng'ombe wa binti huyo hakuwi haki yake mpaka awe ameusiwa au ameteuliwa. Kwa mazingira yetu ya Tanzania, uteuzi wa msimamizi wa mirathi kwa kawaida huanzia katika kikao cha ukoo, muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ndiyo inayoteua. Kanuni za Mahakama ya Mwanzo zinamtaka msimamizi apeleke orodha kamili ya mali na madeni, kwa Fomu Namba 5, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imemwongezea muda. Yule aliyesimama makaburini na kusema "watoto hawa ni wangu sasa" amesema neno jema la ulezi, lakini neno hilo halijampa mamlaka juu ya hata mbuzi mmoja.

Sasa tuchukue mfano, nami nimeutunga kwa ajili ya hesabu tu. Mtu amefariki, wazazi wake walishatangulia, ameacha mke, mtoto wa kiume na mabinti wawili, na baada ya kulipa madeni wamebaki ng'ombe 32 ambao kwa wepesi wa hesabu tutawafanya wawe na thamani sawa. Mke anapata thumuni, yaani ng'ombe 4. Wanaobaki ni 28, na mtoto wa kiume anapata 14 na kila binti 7. Mdogo wa marehemu ameteuliwa kihalali na ndiye anayewachunga. Kabla ya jambo lolote lingine, ng'ombe 4 wa mjane wajulikane kwa alama, kwa sababu hao ni wa mtu mzima mwenye kauli yake, na si wa kuwekwa chini ya ulezi wa mtu yeyote. Kisha wa mvulana na wa kila binti wajulikane nao. Nimewahi kuona zizi ambamo kila ndama aliyekufa alikuwa wa mayatima na kila aliyezaliwa salama alikuwa wa mlezi. Palipo na alama masikioni na daftari la kuandika kila uzao, kila kifo na kila mauzo, hali kama hiyo huonekana mapema, kwa maana fisi hachagui ndama kwa kuangalia mwenyewe ni nani.

Aya ya sita ya Surat An-Nisaa ndiyo inayotufungulia jibu. Maana yake ni kwamba aliye na uwezo ajizuie, na aliye fukara ale kwa wema, yaani kwa kiasi kinachokubalika. Basi tumtazame baba mdogo huyu. Ikiwa ana duka, au ana mifugo yake inayomtosha, hana ruhusa ya kujikatia ujira kutoka katika ng'ombe wa watoto. Anawachunga kwa kutafuta malipo kwa Mola wake. Akishindwa, aseme mbele ya mahakama na ukoo, ili atafutwe mchungaji wa kulipwa na malipo hayo yaandikwe.

Ikiwa ni fukara, na kazi hii ndiyo inayomzuia kwenda kutafuta riziki yake, hapo wanazuoni wa Kishafi wameweka kipimo kizuri sana: achukue kilicho kidogo kati ya vitu viwili, ujira wa mtu anayefanya kazi kama yake, na mahitaji yake. Tuseme mchungaji hapa kijijini hulipwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Mahitaji ya mlezi huyu, baada ya kutoa anachopata shambani, yamepungukiwa shilingi 50,000. Atachukua 50,000, hata kama kazi yake ina thamani ya 80,000. Mwezi mwingine mahitaji yake yakafika 120,000, atachukua 80,000 na si zaidi, kwa sababu mayatima hawana wajibu wa kuilisha nyumba yake. Kipimo hiki kinamzuia mtu pande zote mbili, na ndiyo maana nakipenda: hawezi kusema "nina shida kubwa" akakomba zizi, wala hawezi kusema "nimefanya kazi kubwa" akatajirika kwa mali ya watoto.

Je, akija kupata uwezo, arudishe? Sayyidna Umar, alipoizungumzia mali ya umma, alijifananisha na mlezi wa yatima: akijitosheleza anajizuia, akihitaji anakula kwa wema, na akipata wasaa anarudisha. Wako waliochukua hapo kwamba kurudisha ni wajibu. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba aliyechukua kwa kipimo nilichokitaja hadaiwi. Aliyezidisha ni mdaiwa, na deni hilo halifutwi na umaskini wala na kupita kwa miaka.

Na maziwa? Hili liliulizwa zamani, na Imam Malik ameipokea habari yake. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas akamweleza kuwa ana yatima mwenye ngamia, akauliza kama anaweza kunywa maziwa yao. Ibn Abbas alimjibu kwamba ikiwa yeye ndiye anayewatafuta waliopotea, anawapaka dawa wenye upele, anarekebisha hodhi lao na kuwanywesha maji siku ya zamu yao, basi anywe bila kumdhuru ndama na bila kukamua mpaka kuyamaliza. Angalieni jinsi alivyojibu. Kwanza alitaja kazi, ndipo akataja kinywaji. Weka josho mahali pa dawa ya upele, weka lambo au kisima cha mchangani mahali pa hodhi, na jibu linabaki lile lile. Mlezi ambaye hajui hata ng'ombe wamelala wapi, kwa sababu mvulana yatima ndiye anayewachunga, hana fungu katika maziwa yale. Katika miezi ya kiangazi, ambapo malisho ya kwetu yamekauka na ng'ombe anatoa kibuyu kidogo, ndama ndiye wa kwanza, na watoto wenyewe wanafuata.

Chakula cha nyumbani kina wepesi wake. Iliposhuka onyo kwamba wanaokula mali ya mayatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao, Masahaba waliogopa wakatenga vyakula vya mayatima, hata vikabaki na kuharibika. Ndipo ikaja ruhusa ya kuchanganya, katika Surat Al-Baqara, pamoja na ukumbusho kwamba Mwenyezi Mungu anamtambua mharibifu na mtengenezaji. Kwa hiyo sufuria moja ya ugali si tatizo. Tatizo ni kuuza dume la yatima mnadani kwa ajili ya "chakula cha nyumba" wakati nyumba ina walaji kumi na yatima ni watatu.

Kuhusu maksai, jibu ni fupi. Kulimia shamba lako kwa maksai wa yatima ni kutumia mali yake, na unadaiwa kodi ile ambayo ungemlipa jirani. Kubadilisha nako ni vivyo hivyo: kumchukua mtamba mnene wa yatima ukaweka aliyekonda, kisha ukasema hesabu ni ile ile, ndiko kule kubadilisha kizuri kwa kibaya kulikokatazwa mwanzoni mwa Surat An-Nisaa. Hesabu ya vichwa peke yake haimlindi mtoto.

Ardhi ni nzito kuliko ng'ombe. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, wapo mayatima walioachiwa viwanja karibu na mjini, na walezi wanashawishika. Kwa Washafi, wasii hauzi ardhi ya yatima ila kwa mojawapo ya sababu mbili. Ama kuna haja, kama matunzo ya mtoto ambayo mapato ya mali yake nyingine hayatoshi. Ama kuna faida iliyo wazi, kama mnunuzi anayetoa bei iliyozidi thamani na panapatikana ardhi ya namna hiyo kwa bei ndogo zaidi. Hajiuzii mwenyewe. Mtoto akibaleghe na akadai kwamba kiwanja kiliuzwa pasipo maslahi yake, kama muuzaji alikuwa baba au babu, huyo anasadikiwa kwa kiapo. Kama alikuwa wasii, anayesadikiwa kwa kiapo ni mtoto, na wasii ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Kwa hiyo karatasi ya bei, majina ya walioshuhudia na sababu ya kuuza viandikwe siku ile ile.

Limebaki la kukabidhi. Aya ile ile inaamuru mayatima wajaribiwe, na kwa mtoto wa mfugaji jaribio linafanyika mnadani. Mwache mvulana, na binti vilevile katika mambo anayoyashughulikia, akague mnyama, aulize bei, abishane na mnunuzi. Wakifika mahali pa kufunga biashara, mlezi ndiye anayefunga, kwa sababu mkataba wa mtoto haujasimama. Rudia jaribio hilo zaidi ya mara moja, maana mtu anaweza kubahatisha siku moja. Anapobaleghe na ikaonekana kwamba anaweza kutunza mali, asubuhi moja kabla ng'ombe hawajatoka zizini waitwe mashahidi, daftari lisomwe tangu ukurasa wa kwanza, na kila mnyama aonyeshwe kwa alama yake. Wasii akidai kwamba alitumia kiasi fulani kwa matunzo, na kiasi hicho ni cha kawaida, anasadikiwa kwa kiapo chake. Akidai kwamba alishamkabidhi mtoto mali yake, na mtoto akakana, hasadikiwi bila ushahidi, hata angekuwa mwaminifu kiasi gani.