Usiku wa kuhama: usawazishaji wa mwisho wa seva ya mafaili

Habari za jioni, na ahsanteni kwa kuja. Nitazungumzia kazi moja tu: kuhamisha mafaili kutoka seva ya zamani kwenda mpya kwa kutumia rsync, na hasa zile saa chache ambazo watumiaji wamesimama wanatusubiri.

Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho. Seva ya zamani ina terabaiti 4 zilizogawanyika katika mafaili milioni 6, na kompyuta nyingine zinaifikia kwa NFS. Tumepewa muda wa kusimamisha huduma kuanzia saa nne usiku hadi saa nane usiku. Wiki moja au mbili kabla tumekwisha kunakili kila kitu huku watu wakiendelea na kazi, kisha tukarudia mara kadhaa kufuata yaliyobadilika. Usiku wenyewe unabaki mzunguko mmoja tu wa kuchukua tofauti za mwisho.

Sasa, mzunguko huo utachukua muda gani? Wengi huangalia kiasi cha data. Tuseme kwa siku yanabadilika mafaili ya gigabaiti 18, na mtandao unapitisha megabaiti 100 kwa sekunde. Hiyo ni dakika 3, basi mtu anaandika kwenye mpango "dakika 10" na kuona amejiwekea akiba. Hesabu hiyo imekosea mahali pa kuanzia. Ili kujua mafaili gani yamebadilika, rsync hulazimika kulitazama kila faili pande zote mbili, ukubwa wake na saa yake ya mwisho kubadilishwa. Ikiwa diski zinaweza kupitia mafaili 2,000 kwa sekunde, mafaili milioni 6 yanataka sekunde 3,000, yaani dakika 50, hata kama hakuna faili moja lililobadilika.

Ndiyo maana mizunguko ya awali ina kazi mbili. Inapunguza data iliyobaki, na inakupa kipimo. Andika muda wa kila mzunguko: wa kwanza unaweza kuwa saa 30, wa pili saa 3, wa tatu dakika 55, wa nne dakika 53. Pale muda unapogoma kushuka, hiyo ndiyo sakafu yako. Kuongeza mizunguko hakutaishusha.

Njia ya kuishusha ni kugawa kazi: kuendesha rsync nne kwa pamoja, kila moja na folda zake. Gawa kwa idadi ya mafaili, si kwa ukubwa, kwa sababu fungu lenye mafaili mengi ndilo litakalochelewesha mengine. Wala usitarajie robo ya muda. Diski zina kikomo chao. Katika mfano wetu dakika 50 zinashuka hadi 20, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila kugawa kuna gharama mbili. Kwanza, faili lenye majina mawili kwa kiungo kigumu, jina moja likiwa fungu la kwanza na jingine fungu la tatu, litafika upande wa pili likiwa mafaili mawili tofauti, maana chaguo `-H` huona viungo vya ndani ya mwendo mmoja tu. Pili, folda ya ngazi ya juu iliyoundwa au kufutwa jana haimo katika fungu lolote. Tutayakamata yote mawili baadaye kidogo.

Amri ya kila fungu ni hii:

```
rsync -aHAX --numeric-ids --delete --max-delete=5000 \
  /data/miradi/ root@mpya:/data/miradi/
```

Chaguo `--delete` haliepukiki. Bila hilo, kila faili lililofutwa au kubadilishwa jina tangu mzunguko wa kwanza litafufuka kwenye seva mpya. Lakini ndilo chaguo hatari kuliko yote. Diski ya zamani ikiwa imechomoka, `/data/miradi/` inaonekana kama folda tupu au haipo. Ikiwa haipo rsync italalamika. Ikiwa ipo lakini tupu, kwa rsync hiyo si hitilafu, nayo itaanza kufuta kila kitu upande wa pili. Kwa hiyo `--max-delete` huweka kikomo, na kabla ya kuanza hakikisha kwa `mountpoint /data`.

Kabla ya amri hiyo, lazima uandishi ukome kweli kweli. Kuwaambia watu wafunge programu hakutoshi. Simamisha huduma, simamisha kazi za cron (hizi ndizo husahaulika, na nyingi huamka usiku), ondoa `/data` kwenye kompyuta zinazoitumia ili data iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu zao iandikwe, ndipo uifunge seva yenyewe isiandikwe:

```
mount -o remount,ro /data
```

Ikikataa na kusema `busy`, bado kuna programu iliyofungua faili kwa kuandika. `fuser -vm /data` itakuonyesha programu za hapo kwenye seva. Usiilazimishe, itafute.

Kuna kipimo kingine kizuri. Namba 24 ambayo rsync hutoa inapomaliza maana yake ni kwamba mafaili yalitoweka katikati ya kazi. Kwenye mizunguko ya awali ni jambo la kawaida. Usiku wa mwisho ni habari mbaya: mtu bado anaandika.

Tofauti zikishafika, tunahakiki kwa mwendo mmoja usiogawanywa na usioandika kitu:

```
rsync -aHAXni --numeric-ids --delete /data/ root@mpya:/data/
```

Isipotoa mstari wowote, pande mbili zinalingana. Ikitoa, hapo ndipo zile folda za juu na viungo vilivyovunjika hujitokeza. Ondoa `n` na uirudie. Uhakiki huu nao unataka dakika 50 zake, na hauoni faili ambalo yaliyomo yamebadilika huku ukubwa na saa vikibaki vilevile. Kwa hilo kuna `--checksum`, lakini inasoma terabaiti zote 4, saa 11 kwa kasi ya megabaiti 100. Iendeshe siku za kabla, si usiku huo.

Tupange saa sasa. Saa nne kamili tunasimamisha uandishi, tunaupa dakika 20. Usawazishaji dakika 20, tunaupa 40, tuko saa tano. Uhakiki unatufikisha saa sita kasoro dakika 10. Kuziunganisha kompyuta na seva mpya, dakika 30. Kumbukeni kwamba kubadilisha anwani kwenye DNS hakuhamishi kompyuta ambayo tayari imeunganishwa, kwa sababu jina hutafutwa wakati wa `mount` tu. Na TTL ikiwa ni sekunde 86,400, ishushwe zaidi ya siku nzima kabla. Majaribio dakika 30, ndani ya folda ya majaribio pekee. Saa sita na dakika 50 tumemaliza, mambo yakienda sawa.

Kurudi kwenye seva ya zamani kunahitaji dakika 40, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ni saa saba na dakika 20, na aandikwe mtu mmoja mwenye kuutoa. Hadi hapo kurudi ni rahisi: data ya zamani haijaguswa, unaifungua kwa `remount,rw` na kuwasha huduma. Mtumiaji wa kwanza akishahifadhi faili kwenye seva mpya, hali inabadilika. Kurudi kutataka usawazishaji wa kinyume, wenye sakafu ileile ya muda, na `--delete` ikielekezwa kwenye nakala yako ya pekee ya usalama. Kwa hiyo seva ya zamani ibaki `ro`, isizimwe wala kufutwa, mpaka chelezo kamili ya seva mpya iwe imefanyika na kurejeshwa kwa majaribio.