Vipindi 11: maneno kwa mwaka wa kwanza, kozi ya Takwimu

Wale wa mlangoni ingieni, viti vya mbele vipo. Msiogope kukaa mbele.

Barua mliyopokea inaeleza kozi: mazoezi na majaribio alama 40, mtihani wa mwisho 60. Hayo mtayasoma wenyewe. Mimi leo nataka nizungumzie mahudhurio, kwa sababu kila mwaka hapo ndipo ninapopoteza wanafunzi ambao sikupaswa kuwapoteza.

Tuna wiki 15. Kila wiki mihadhara miwili na semina moja, jumla vipindi 45. Kanuni inadai asilimia 75, yaani vipindi 34. Kwa hiyo unaweza kukosa 11. Ukikosa cha 12, jina lako halitaonekana kwenye orodha ya watahiniwa.

Kumi na moja ni vingi, mtasema. Sikilizeni basi. Nilikuwa na kijana mmoja kutoka Singida, makini kweli, alama za mazoezi 28 kati ya 40. Wiki mbili za mwanzo hakuonekana. Alikuwa nyumbani akisubiri bumu liingie apate nauli na pesa ya chumba. Hapo vipindi 6 vimekwenda. Mvua zilipoanza akaugua malaria, akalala wiki nzima: 9. Mwezi uliofuata akafiwa na bibi yake, akapanda basi usiku uleule, akarudi baada ya wiki: 12. Akawa amehudhuria vipindi 33. Kilipungua kimoja.

Alipokuja kwangu orodha ilikuwa imeshabandikwa ubaoni. Nikamuuliza, ulipougua ulitibiwa wapi? Akafungua begi, akatoa daftari, na katikati ya kurasa kulikuwa na cheti cha mapumziko, ile mnayoiita idii, kimekunjwa mara nne, kina muhuri wa zahanati na sahihi ya daktari. Alikaa nacho wiki tano! Angekileta siku aliyotoka kitandani, vipindi vile 3 vingeandikwa vya ruhusa, naye angebaki na upungufu wa 9. Hakuwa mtoro. Alidhani ugonjwa ukishapita, karatasi yake haina kazi tena.

Tena asifikiri mtu kwamba angesubiri sapu. Sapu ni ya aliyefanya mtihani akafeli. Yeye hakuufanya, na kozi hii inafundishwa muhula wa kwanza tu. Alirudia mwaka uliofuata, amekaa na wadogo zake.

Kwa hiyo, wanangu, ukiugua nenda zahanati, usijitibu kwa dawa za duka la jirani ukabaki bila karatasi. Cheti kipeleke ofisi ya idara ndani ya wiki ileile, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukifiwa, jaza fomu ya ruhusa kwa mshauri wa wanafunzi kabla ya kusafiri. Basi likiwa linaondoka na huna nafasi, mpigie kiongozi wa darasa aniarifu siku hiyohiyo, fomu utaijaza ukirudi. Na kama ni bumu limechelewa, njoo useme wiki ya kwanza, si ya kumi. Ukiwa kimya sina ninachoweza kukuandikia.

Kuna mwenye kuniambia: mwalimu, mimi nitasoma desa na nitafaulu. Mwaka mmoja desa lililokuwa likizunguka mabwenini lilikokotoa mkengeuko sanifu wa sampuli kwa kugawanya kwa n badala ya n − 1. Nilisahihisha karatasi moja baada ya nyingine, kosa lilelile, hata mahali pa kukunja mstari palepale. Waliokuja semina walikuwa wameliona kosa hilo likifutwa ubaoni.

Kusainiana nako kuacheni. Sahihi tatu zinazolalia upande mmoja kwa wino mmoja naziona, na nikihesabu vichwa visipolingana na majina, nawafuta wote watatu, yule aliyekuwepo pia.

Muda unakwisha. Siku ya mtihani, ukiwa mgonjwa, usiingie chumbani. Nenda zahanati, kisha omba kuahirisha. Ukishaingia na kuandika, karatasi itasahihishwa kama ilivyo, na cheti cha kesho yake hakitaifuta.

Msaada wa masomo: Jumanne na Alhamisi, saa 8 hadi saa 10 mchana, ofisini kwangu. Njoo na swali ulilojaribu, hata kama umekwama mstari wa pili, nione pale ulipokwama. Usije na "sijaelewa chochote", maana sitajua pa kuanzia. Ukiona aibu kuja peke yako, njooni wawili. Habari ya kunakili kazi za wenzenu nitaieleza semina ya kwanza.

Karatasi ya mahudhurio inaanzia safu ya mbele, upande wa dirishani. Andika namba ya usajili kamili, kisha sahihi, umpe jirani yako. Hiki ni kipindi cha kwanza kati ya 45.