Mtoto wa Mbwa Anayelewa Akila Nyama

Habari za jioni. Nawaletea kisa kimoja tu.

Mama mmoja wa Lanet alinijia na mbwa wa aina ya yoki wa miezi 5 mwenye gramu 900, ilhali nduguye wa tumbo moja ana kilo 2. Alikuwa ameshapewa dawa ya minyoo mara tatu. "Daktari," akasema, "akila matumbo, baada ya saa moja au mbili anakuwa kama mlevi." Nikauliza mlevi vipi. Anazunguka upande mmoja, mate yanamtiririka, kisha anakisukuma kichwa ukutani na kubaki hapo.

Mate na kuyumba kwanza hunitia hofu ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo nilivaa glavu. Lakini kichaa huzidi siku hadi siku mpaka mbwa afe. Huyu alikuwa analewa, analevuka, tena kwa wiki sita.

Damu itokayo utumboni inapaswa kupitia ini kwanza. Mbwa huyu amezaliwa na mshipa wa mchepuko unaoikwepesha, kama lori linalokwepa mizani ya Gilgil. Bakteria wa utumboni wakivunja protini ya nyama hutoa amonia, ambayo ini huigeuza kuwa yurea. Isipopita kwenye ini inafika ubongoni, na ndio ule ulevi. Ini lenyewe, likikosa damu hiyo, hudumaa, na mtoto hudumaa nalo.

Mngedhani basi tupime amonia. Tatizo ni kwamba sampuli yake haivumilii safari. Hutakiwa barafuni, plazma itenganishwe upesi na ipimwe papo hapo. Ukiipakia matatu ya Nairobi, amonia itaongezeka ndani ya chupa, na utapata jibu baya hata kwa mbwa mwenye afya.

Asidi za nyongo husafiri vizuri. Ini huzitengeneza, humwagwa utumboni mbwa akila, kisha ini huzidaka zinaporudi na damu. Penye mchepuko hazidakwi. Tulichukua damu kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Kwa kawaida mbwa hunyimwa chakula kwa muda wa saa 12, lakini kitoto kama hiki sukari ingeshuka, tukaishia muda wa saa 6. Chakula kilikuwa kidogo, kisichomlevya.

Kabla: 68. Baada: 190, maikromoli kwa lita. Baada ya kula tunategemea chini ya 30 hivi. Jibu hili halitaji mchepuko kwa jina, maana ini linaloumwa vingine nalo hupandisha. Altrasaundi ndiyo iliyouonyesha mshipa wenyewe.

Nyama ikasimamishwa, akawekewa mayai, maziwa lala na wali. Dawa ya laktulozi ikaongezwa, kwani huufanya utumbo mpana uwe na asidi, amonia ikanaswa humo na kutoka na choo. Kipimo ni choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Kikiwa maji, umezidisha.

Tiba ya kweli ni upasuaji wa kuufunga mshipa polepole, maana ukifungwa ghafla damu hurundikana utumboni. Bado tunaungoja. Wiki ya tatu alikuwa na kilo 1.1, na hajasukuma ukuta tena ila siku moja, mjukuu alipomrushia kipande cha mutura.