Jina Lilipoondoka na Swahiba Yangu

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya vijana wanaoanzisha biashara)

Asalaam alaykum, na habari za asubuhi kwa wote. Nimeombwa niwasimulie jinsi biashara yangu ya samaki ilivyokaribia kufa, nami nitaisimulia bila kulitaja jina lake, kwa sababu mwenye kuhusika ni swahiba yangu na mjomba wake bado tunakutana naye msikitini.

Tulianza watu wawili, katika chumba kimoja hapa Ngamiani. Kazi yangu ilikuwa kufika soko la samaki la Deep Sea kabla ya jua kuchomoza, kununua changu, tasi na ngisi kwa mnada, kisha kuparua, kutoa matumbo, kupima na kufunga. Mwenzangu alichora nembo, akapiga picha, akafungua ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp, na jioni alipokea oda za kesho yake kutoka Raskazone, Chumbageni na Sahare. Mimi nilitoa shilingi 1,200,000, zikanunua friza na mizani. Yeye alitoa 200,000 za simu na vifungashio. Hatukuandika chochote. Tulikuwa tumesoma pamoja tangu chekechea, na kumwekea mtu wa namna hiyo karatasi mbele yake kulionekana kama kumtukana.

Siku ya kusajili jina la biashara kwenye mfumo wa BRELA, fomu ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa, na yangu ilikuwa bado haijatoka. Akajaza yake peke yake, tukakubaliana kwamba nitaongezwa baadaye. Lipa Namba nayo ikaunganishwa na laini yake kwa sababu hiyo hiyo. Baadaye hiyo haikufika kamwe, wala si kwa hila; tulikuwa na samaki wa kuuza.

Mwaka wa tatu alipata kazi Dar es Salaam. Tulipishana kauli juu ya mgawo wa faida, akaondoka akiwa amekasirika, na asubuhi iliyofuata nilikuta nimetolewa kwenye ukurasa wetu. Nilikuwa na kilo arobaini za samaki ndani ya friza na sikuwa na namna ya kuwaambia wateja kwamba wapo. Oda ziliendelea kuingia kwake, na pesa za watu walioskani kile kibandiko cha Lipa Namba nilichokuwa nimekigandisha kwa mikono yangu mlangoni zilikwenda kwenye simu iliyokuwa Dar. Siku ya nne nilitia chumvi nusu ya mzigo nikauza ng'onda, kwa hasara. Kisha akanitumia picha ya cheti cha usajili chenye jina lake, na chini yake maneno mawili: "Jina langu."

Niliamini kwamba amenishinda. Wakili niliyemwendea alikisoma cheti, akakirudisha mezani, akaniuliza kama nina daftari.

Hapa ningependa twende taratibu, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea. Kusajili jina chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, ni kuijulisha serikali kwamba fulani anafanya biashara kwa jina fulani. Hakumpi mtu umiliki wa jina hilo kama mali. Haki ya kuwazuia wengine kulitumia kwenye bidhaa hutokana na usajili wa alama ya biashara, ambao una sheria yake ya mwaka 1986, maombi yake, na tangazo katika jarida rasmi ambapo mwenye pingamizi hupewa siku 60 za kulileta. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepeleka ombi hilo. Kwa hiyo cheti alichonitumia kilithibitisha kidogo kuliko yeye alivyodhani, na kuliko mimi nilivyoogopa.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, husema ubia ni uhusiano uliopo kati ya watu wanaofanya biashara kwa pamoja kwa lengo la kupata faida. Haisemi kwamba lazima uwe umeandikwa. Tulikuwa wabia tangu siku ya kwanza, na kwa kuwa hatukuandika masharti yetu, sheria ilikuwa imetuwekea ya kwake. Mojawapo ni kwamba faida hugawanywa sawasawa. Nilikuwa nikidai theluthi mbili kwa sababu friza ni yangu na usingizi niliopoteza ni wangu, na ndio ugomvi wenyewe uliomfukuza. Pasipo makubaliano, dai langu halikuwa na mguu wa kusimamia. Nembo nayo haikuwa yangu: aliichora yeye, na sheria ya hakimiliki humtazama kwanza aliyechora.

Basi ushahidi wangu ukawa madaftari matatu yanayonuka samaki, yenye ununuzi wa kila siku na jina la kila mteja, pamoja na jumbe zake za sauti ambamo alisema mara nyingi "biashara yetu". Kesi hatukufungua. Mjomba wake alituita barazani kwake baada ya alasiri, wakili akaja na kikokotoo, na tukahesabu kwa utaratibu unaotumika ubia unapovunjika: madeni kwanza, kisha mtaji wa kila mmoja, kisha kilichobaki.

Kwenye Lipa Namba kulikuwa na shilingi 2,640,000. Friza na mizani tulizithamini 900,000, kwa kuwa friza iliyotumika miaka mitatu karibu na maji ya chumvi haiwezi kuitwa mpya. Jumla 3,540,000. Wavuvi walikuwa wanatudai 540,000. Zikabaki milioni tatu kamili. Tukarudisha mtaji, 1,200,000 zangu na 200,000 zake, ikabaki 1,600,000, yaani 800,000 kwa kila mtu. Haki yangu ikawa milioni mbili, yake milioni moja. Nilichukua friza na mizani na 1,100,000 taslimu. Kulipigia hesabu jina lenyewe ndiko kulikotuchosha, maana halina mizani. Mwishowe tulikubaliana lina thamani ya 600,000, nami nikamlipa nusu yake, 300,000, ili aniachie.

Karatasi tuliyosaini usiku ule ina kurasa mbili. Inasema ataacha kulitumia jina, atajaza taarifa za kusitisha usajili wake BRELA ili nisajili mimi, atakabidhi ukurasa wa Instagram pamoja na barua pepe inayourejesha nywila ikipotea, na nembo itabaki kwake. Hicho kipengele cha barua pepe alikiongeza wakili, nami nilidhani ni madoido. Kumbe mwenye barua pepe hiyo huweza kuuchukua tena ukurasa saa yoyote, hata kama nywila ameshakupa.

Mwezi uliofuata nilipeleka ombi la alama ya biashara, kwa jina lile lile na nembo mpya aliyoichora kijana mmoja wa Chumbageni. Safari hii, kabla sijamlipa, alisaini kwamba nembo ni ya biashara. Haipendezi kama ile ya kwanza, nalisema hilo bila kinyongo.

Kitu kimoja hakikurudi. Namba ya WhatsApp ilikuwa kwenye laini yake binafsi, yenye mambo ya nyumbani kwake, na hakuna aliyeona ni haki kumtaka aitoe. Nilikaa usiku mbili nikinakili namba za wateja kutoka kwenye madaftari, moja baada ya nyingine, nyingine zimefutika kwa maji ya barafu. Mpaka leo wapo wanaotuma pesa ya samaki kwa mwenzangu, naye hunirudishia, akiwa ameshatoa makato ya kutuma.